Obsidian kwa Macho Yako: Mistari Michache ya CSS Inayobadili Fonti, Upana wa Ukurasa na Upau wa Pembeni

Anayeandika kwa Obsidian saa nne au tano kwa siku hufika mahali akaanza kuona yale ambayo wiki ya kwanza hakuyaona. Herufi za kuandikia ni zilezile za kusomea. Ukurasa wa maandishi ni mwembamba pale anapotaka kuweka jedwali, halafu unakuwa mpana kupita kiasi anapozima mpangilio mmoja tu. Orodha ya folda upande wa kushoto ina rangi moja kutoka juu hadi chini, na jicho linaitafuta folda ya kazi kila mara kana kwamba ni mgeni humo. Mengi ya haya hayana kitufe kwenye mipangilio. Yana dawa, nayo ni faili dogo la maandishi la mistari mitatu au minne.

Kwa ambaye hajaitumia, Obsidian ni programu ya kuandikia kumbukumbu na maelezo iliyotolewa kwa umma mwaka 2020 na Shida Li na Erica Xu. Maandishi yako hukaa kwenye kompyuta yako mwenyewe kama faili za kawaida zenye mwisho wa `.md`, ndani ya folda moja kuu ambayo programu inaiita `vault`. Hapa tutaiita hazina. Kinachotuhusu leo ni jinsi programu hii ilivyoundwa: kwenye kompyuta, dirisha lake kwa ndani ni kivinjari. Imejengwa juu ya Electron, ambayo nayo imebeba Chromium, injini ileile iliyo ndani ya Chrome. Kwa hiyo kila unachokiona ndani ya Obsidian, kuanzia kichwa cha habari hadi kishale cha kufungulia folda, kimechorwa jinsi ukurasa wa wavuti unavyochorwa, na sura yake inaamuliwa na CSS.

CSS ilipendekezwa mwaka 1994 na Mnorwe Håkon Wium Lie alipokuwa CERN, Uswisi. Katika pendekezo lile la kwanza kulikuwa na wazo ambalo wavuti wa leo umelisahau kwa sehemu kubwa, kwamba msomaji naye awe na sauti katika sura ya ukurasa, si mwandishi wake peke yake. Amri zingeteremka kwa tabaka, za huyu na za yule, na mashine ingezipatanisha kwa kanuni. Kwenye tovuti za kawaida sauti hiyo ya msomaji imebaki ndogo sana. Obsidian inakupa mlango rasmi wa kuitumia: amri za programu hutangulia, za mandhari uliyochagua hufuata, na zako huja mwisho. Pale ambapo amri mbili zina uzito sawa, ya mwisho ndiyo inayoshinda.

Mlango wenyewe uko hapa. Fungua mipangilio kwa `Ctrl` na `,` (kwenye Mac ni `Cmd` na `,`), nenda `Appearance`, shuka hadi mwisho kabisa wa ukurasa. Utakuta sehemu ya `CSS snippets`, na pembeni yake alama ndogo ya folda. Ibofye. Itafunguka folda iitwayo `snippets`, iliyomo ndani ya folda nyingine iitwayo `.obsidian`, ndani ya hazina yako. Humo ndimo unapoweka vipande vyako vya CSS, kila kipande katika faili lake lenye mwisho wa `.css`. Ukishahifadhi faili, rudi kwenye mipangilio, bofya alama ya mshale unaozunguka ili orodha isomwe upya, kisha washa swichi iliyo mkabala na jina la faili lako. Tangu hapo kila badiliko unalolihifadhi ndani ya faili huonekana mara moja kwenye dirisha, bila kuifunga programu.

Kabla ya kuandika chochote, jambo moja la kumtuliza mwenye hofu. Kipande cha CSS hakigusi faili zako za `.md` hata kidogo. Kinabadili namna zinavyoonyeshwa tu. Ukizima swichi, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Na ikitokea umeandika kitu kikaficha hata dirisha la mipangilio lenyewe, ingia kwenye ile folda kwa njia ya kawaida ya kompyuta, ondoa faili, basi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mtu anafanya kazi ya kutafsiri, ana kompyuta mpakato ya Windows yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, aina iliyojaa maofisini na vyuoni. Hazina yake ina folda tatu: `Tafsiri`, `Mikutano` na `Shajara`. Anataka mambo matatu. Anapoandika, aone herufi za taipureta. Anaposoma, aone herufi laini. Mstari uwe wa urefu usiochosha macho, isipokuwa kwenye kurasa zenye majedwali ya istilahi. Na folda ya `Tafsiri` ijitokeze.

Tuanze na fonti, ambako kuna ukweli usiopendwa na wapenzi wa CSS: ukitaka tu kubadili fonti ya maandishi yote, huhitaji CSS. Palepale kwenye `Appearance` kuna `Text font`. Chagua fonti iliyomo kwenye kompyuta yako, kazi imekwisha. Fonti ya menyu na orodha ina nafasi yake, `Interface font`, na ile ya msimbo ni `Monospace font`. CSS inaanza kuwa na maana pale unapotaka kitu ambacho nafasi hizo tatu hazikitofautishi, kama mtu wetu anayetaka fonti moja ya kuandikia na nyingine ya kusomea.

Obsidian huonyesha maandishi yako kwa namna mbili. Unapoyahariri, yamo ndani ya sehemu iliyopewa jina `.markdown-source-view`. Unapoyasoma katika hali ya kusoma, yamo ndani ya `.markdown-preview-view`. Sehemu zote mbili huchukua fonti kutoka kwenye kigeu kimoja kinachoitwa `--font-text`. Kigeu ni jina lililobeba thamani: programu haiandiki jina la fonti kila mahali, inaandika jina la kigeu, na thamani yake inawekwa sehemu moja. Kwa hiyo tunachofanya ni kukipa kigeu hicho thamani nyingine, lakini ndani ya sehemu ya kuhariri peke yake.

```css
.markdown-source-view {
  --font-text: "Courier Prime", monospace;
}
```

Mstari wa kwanza unasema amri hii inamhusu nani. Kati ya mabano ya mawimbi ndimo amri yenyewe ilimo: jina la kigeu, nukta pacha, thamani, na nukta mkato ya kufunga. Thamani ina fonti mbili kwa makusudi. Kama Courier Prime haimo kwenye kompyuta, programu itachukua fonti yoyote ya aina ya taipureta iliyopo, ambazo ndizo zinazoitwa `monospace`. Kumbuka kwamba CSS haikuletei fonti. Courier Prime inapatikana bure, lakini lazima uipakue na kuisakinisha kama fonti nyingine yoyote, kisha uifunge Obsidian na kuifungua tena ili iione.

Faili lihifadhiwe kwa jina `fonti.css`. Hapa ndipo wengi wa Windows hukwama. Windows kwa kawaida huficha miisho ya majina ya faili, na Notepad hupenda kuongeza `.txt` bila kukuambia. Unaandika `fonti.css`, kumbe jina halisi limekuwa `fonti.css.txt`. Dalili yake haina utata: faili unaliona kwenye folda, lakini halitokei kwenye orodha ya Obsidian hata ubofye ule mshale mara ngapi. Unapohifadhi kutoka Notepad, chagua aina ya faili kuwa faili zote kabla ya kuandika jina, au washa maonyesho ya miisho ya majina katika dirisha la faili la Windows na urekebishe.

Kosa la pili kwa wingi ni la alama za kunukuu. Ukinakili kipande kutoka kwenye ujumbe wa simu au waraka wa Word, zile alama zilizonyooka `"` huenda zimegeuzwa kuwa zilizopinda. Kwa macho ni zilezile. Kwa CSS, alama iliyopinda ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo inatafuta fonti ambayo jina lake linaanza na alama hiyo, haiipati, na inahamia kwenye fonti ya akiba. Ukiona umepata taipureta lakini si Courier Prime, futa alama hizo na uzipige upya kwa mkono wako.

Sasa upana, ambao kwa maoni yangu ndio wenye faida kuliko yote matatu. Watu hutumia jioni nzima kuchagua rangi, kumbe kinachowachosha ni mstari mrefu. Jicho likifika mwisho wa mstari mrefu mno hupotea njiani linaporudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Wachapaji wa vitabu wanalijua hili tangu zamani. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha uchapaji `The Elements of Typographic Style`, anataja herufi 45 hadi 75 kwa mstari kuwa ni kiasi cha kuridhisha, na 66, zikihesabiwa pamoja na nafasi, kuwa ndicho kinachopendwa zaidi.

Obsidian inao mpangilio wa jambo hili. Katika mipangilio, chini ya `Editor`, kuna swichi ya `Readable line length`. Ikiwa imewashwa, maandishi hubanwa yasizidi upana fulani na kuwekwa katikati. Ikizimwa, yanajaa dirisha lote. Upana huo unatokana na kigeu `--file-line-width`, na thamani yake ya kawaida ni pikseli 700.

Je, 700 ni herufi ngapi? Kwa fonti nyingi za kawaida, herufi moja kwa wastani huchukua upana wa karibu nusu ya ukubwa wa fonti. Fonti ya ukubwa wa pikseli 16, ambao ndio wa kawaida katika Obsidian, ina herufi za wastani wa pikseli 8. Gawa 700 kwa 8, unapata kama herufi 87. Hiyo inazidi kiasi cha Bringhurst. Ukikuza fonti iwe 20, herufi ni pikseli 10, na mstari unakuwa wa herufi 70, uko salama. Yaani namba 700 haina maana yoyote ikisimama peke yake. Upana wa ukurasa na ukubwa wa fonti ni jambo moja, na anayebadili kimoja bila kingine anajikuta akihangaika na telezo la ukubwa wa fonti kila wiki.

Kwa Kiswahili kuna la ziada. Neno moja letu hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo maneno ni marefu na mstari wa herufi 66 unabeba maneno machache kuliko mstari wa Kiingereza wa urefu huohuo. Obsidian haikati neno mwishoni mwa mstari kwa kistari. Neno lisipoenea linashuka lote. Ukibana ukurasa hadi herufi 50, ukingo wa kulia unakuwa na mapengo makubwa, mstari mmoja mrefu na unaofuata mfupi. Mimi ningeelekea upande wa juu wa kipimo, herufi 70 hivi.

Njia iliyo bora ni kuuambia upana ufuate ukubwa wa fonti wenyewe. Ukubwa unaouchagua kwenye mipangilio hukaa katika kigeu `--font-text-size`, nasi tunaweza kukizidisha:

```css
body {
  --file-line-width: calc(var(--font-text-size) * 36);
  --line-height-normal: 1.65;
}
```

Nusu ya fonti kwa herufi moja, mara 36, ni herufi 72 hivi kwa mstari, uwe umechagua fonti ya 16 au ya 22. Kwa mtu wetu anayetumia fonti ya 18, ukurasa unakuwa pikseli 648. Kioo chake ni 1366. Toa upau wa kushoto wa kama pikseli 280, zinabaki zaidi ya 1000, kwa hiyo nafasi ipo na pande zote mbili zinapumua. Ila afahamu jambo moja: herufi za taipureta ni pana kuliko wastani, kila moja huchukua kama asilimia 60 ya ukubwa wa fonti. Anapohariri kwa Courier Prime, upana uleule utampa herufi 60 kwa mstari. Bado uko ndani ya kipimo, lakini asishangae mistari ikivunjika mahali pengine anapohamia kwenye hali ya kusoma.

Mstari wa pili umebadili nafasi kati ya mstari na mstari, kutoka 1.5 ya kawaida hadi 1.65. Mstari mrefu unahitaji nafasi kubwa zaidi juu na chini yake, na kwenye kioo cha ubora wa wastani tofauti hiyo ndogo inaonekana.

Ukiweka kipande hiki na hakuna kilichobadilika, kagua kwanza ile swichi ya `Readable line length`. Ikiwa imezimwa, kigeu chako hakitumiki popote, na unaweza kuandika namba yoyote bila kuona tofauti. Kisha angalia neno la kwanza la kipande. Vipande vingi vinavyozunguka huandikwa `:root` badala ya `body`. Kwenye tovuti za kawaida `:root` hufanya kazi vizuri, lakini Obsidian yenyewe imetangaza vigeu vyake vingi kwenye `body`, ambayo iko ndani ya `:root`. Thamani iliyotangazwa ndani huifunika ile iliyorithiwa kutoka nje, kwa hiyo amri yako inasomwa, inakubaliwa, na haina athari. Badili neno hilo moja tu.

Sababu ya tatu ni mandhari. Mandhari kama Minimal, iliyotengenezwa na Steph Ango, ambaye tangu 2023 ndiye mkurugenzi mtendaji wa Obsidian, ina utaratibu wake yenyewe wa kupanga upana. Ukishuku mandhari, rudi kwenye ile ya kawaida kwa dakika moja. Kipande kikifanya kazi pale, umemjua mgomvi wako, na suluhisho ni kutafuta kigeu cha upana ambacho mandhari hiyo inakitumia. Na unapojaribu, usitumie thamani ya busara. Andika `300px`. Ukurasa ukiwa kama utepe, unajua mara moja kwamba amri imefika. Kutoka 700 kwenda 650 jicho linaweza kudanganyika.

Limebaki suala la majedwali. Jedwali la istilahi lenye safu sita halikai ndani ya pikseli 648. Kuzima `Readable line length` kungeharibu kurasa zote kwa ajili ya chache. Badala yake, tunatengeneza jina letu wenyewe na kulipa upana wake:

```css
.pana {
  --file-line-width: 1000px;
}
```

Kisha, juu kabisa ya ukurasa wenye jedwali, kwenye sehemu ya sifa za faili, tunaandika:

```yaml
---
cssclasses:
  - pana
---
```

Ukurasa huo pekee ndio utakaopanuka. Mingine yote itabaki na upana wake. Mtu wetu akifungua jedwali lake anaona safu zote, akirudi kwenye tafsiri yenyewe anakuta mstari wake wa herufi 72. Neno `pana` nimelibuni, nawe unaweza kuandika lolote, mradi lianze kwa nukta ndani ya CSS na lisiwe na nukta ndani ya faili la maandishi. Maelekezo ya zamani huandika `cssclass` bila herufi za mwisho. Matoleo mapya yanataka `cssclasses`.

Tunaingia upau wa pembeni. Hapa kishawishi cha kupaka rangi kila kitu ni kikubwa, na matokeo yake huwa kelele. Upau wa pembeni ni wa kutazamwa kwa sekunde moja na kuachwa. Unatakiwa ufifie wenyewe ili kitu kimoja au viwili vionekane ndani yake.

```css
.mod-left-split {
  --nav-item-size: 14px;
  --nav-item-color: var(--text-faint);
}

.nav-folder-title[data-path="Tafsiri"] {
  --nav-item-color: var(--color-green);
  font-weight: 600;
}
```

`.mod-left-split` ni upande wote wa kushoto. Tumeweka ukubwa wa majina ya faili na folda, na tumeyapa rangi hafifu ambayo Obsidian tayari inayo. Kipande cha pili kinaichagua folda moja kwa njia yake ndani ya hazina, na kuipa kijani na herufi nzito. Hatukuandika namba ya rangi, na hilo ni la makusudi. `--color-green` ina thamani mbili, moja ya hali ya mwanga na nyingine ya hali ya giza, na programu huchagua yenyewe. Anayeandika kijani chake cha namba mchana hugundua usiku, mandhari ikishageuka nyeusi, kwamba jina la folda halisomeki.

Njia ya folda husomwa herufi kwa herufi. `tafsiri` si `Tafsiri`. Folda iliyo ndani ya nyingine huandikwa na njia yake yote, kama `Tafsiri/Riwaya`. Na ukibadili jina la folda ndani ya Obsidian, viungo vya maandishi yako vitaweza kurekebishwa na programu, lakini kipande cha CSS hakitajirekebisha. Folda itapoteza rangi yake bila ujumbe wowote wa kosa. CSS hailalamiki kamwe. Amri isiyomkuta mlengwa wake hunyamaza tu, na ukimya huo ndio unaowapotezea watu muda.

Kwa ajili hiyo ni vizuri kujua namna ya kutazama ndani. Bonyeza `Ctrl`, `Shift` na `I` kwa pamoja (kwenye Mac ni `Cmd`, `Option` na `I`). Litafunguka dirisha la zana za wasanidi, lilelile la Chrome. Bofya alama ya mshale iliyo kwenye kona yake ya juu kushoto, kisha bofya kitu chochote ndani ya Obsidian, tuseme jina la folda. Upande mmoja utaona jina la sehemu hiyo na `data-path` yake. Upande mwingine utaona amri zote zinazoigusa, zile zilizoshindwa zikiwa zimepigwa mstari katikati. Ukiiona amri yako imepigwa mstari, imesomwa lakini nyingine imeizidi nguvu. Usipoiona kabisa, haikumfikia mlengwa: jina limekosewa, au kuna bano lililosahauliwa juu yake. Bano moja la kufunga likikosekana, kila kilicho chini yake katika faili hilo kinaweza kupotea, na ndiyo maana nashauri kila jambo liwe na faili lake: `fonti.css`, `upana.css`, `upau.css`.

Utaona wengine wakimaliza ubishi wa aina hii kwa kuongeza `!important` mwishoni mwa amri. Inafanya kazi. Ila ukishaitumia mara tano unakuwa na amri tano zinazopiga kelele sawasawa, na unarudi pale pale. Zaidi ya hapo, anayehitaji `!important` mara nyingi anavunja mlango ulio wazi: anabadili kitu chenyewe badala ya kigeu kinachokiongoza. Vipande vya miaka ya 2020 na 2021 viliandikwa hivyo, vikilenga majina kama `.CodeMirror`. Baadaye kihariri kikabadilishwa kutoka toleo la tano la CodeMirror kwenda la sita, toleo la 1.0 la Obsidian likatoka Oktoba 2022 na mamia ya vigeu vilivyoelezwa rasmi, na vipande vile vikafa. Ukikuta kipande chenye `.CodeMirror` mahali popote, usipoteze muda kukitengeneza. Andika upya kwa vigeu. Huenda kikawa mistari mitatu.

Kwa simu, vipande hivihivi hufanya kazi, kwenye Android na iPhone. Ugumu uko katika kuvifikisha. Folda yenye jina linaloanza kwa nukta hufichwa; kwenye Android unaweza kuiona kwa programu ya faili inayoonyesha vilivyofichwa, lakini programu ya faili ya iPhone haiionyeshi, kwa hiyo vipande lazima vije kwa njia ya kusawazisha kutoka kwenye kompyuta. Fonti ni tatizo jingine, kwani uliyoisakinisha kwenye kompyuta haimo kwenye simu, na ile fonti ya akiba ndiyo itakayotumika.

Kuhusu usalama, kipande cha CSS si programu na hakiwezi kusoma wala kufuta maandishi yako, ndiyo maana hufanya kazi hata pale ulipozuia programu-jalizi zote. Lakini kinaweza kuita picha au fonti kutoka kwenye mtandao kwa neno `url` au `@import`. Kipande ulichopewa na usiyemjua, chenye anwani ya tovuti ndani yake, kitaifahamisha tovuti hiyo kila unapofungua hazina. Soma kabla ya kuwasha. Vingi ni vifupi kiasi kwamba kusoma kunachukua muda mfupi kuliko kupakua.

Na siku unapohamia kompyuta nyingine, nakili folda nzima ya hazina, usichague faili zilizomo ndani yake moja moja. Folda ya `.obsidian` haionekani kwenye kompyuta nyingi, na anayenakili kwa kuchagua anachokiona huacha nyuma vipande vyake vyote pamoja na orodha ya vilivyowashwa.